Goma iko 1°40′ au 1.67? Namna tatu za kuandika mahali pa mji, na ipi uitumie lini

Wanafunzi wangu wawili walikuja mezani wakiwa wanabishana tangu mlangoni.

"Mwalimu, mwambie huyu. Kutoka Goma mpaka ikweta ni kilomita 155."

"Ni 185, Mwalimu. Anabisha bure. Ao kuna Goma mbili?"

Walikuwa wametumia atlasi moja na ukurasa mmoja, na kila mmoja alijua kwamba digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Faharasa ya atlasi iliandika Goma: 1°40′ S, 29°13′ E. Wa kwanza aliandika 1.40, akazidisha kwa 111, akapata 155. Wa pili aligawa kwanza ile 40 kwa 60, akapata 1.67 na kitu, ndipo akazidisha. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa sawa. Lakini yule wa kwanza hakuwa mzembe hata kidogo. Alisoma namba ya namna moja kana kwamba imeandikwa kwa namna nyingine, na kosa hilo nimeliona kwa watu wazima wenye simu za bei.

Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu ambazo sisi huku tunakutana nazo kila mara. Ya kwanza ni digrii na dakika, kama kwenye atlasi. Ya pili ni digrii za desimali, kama kwenye ramani za simu. Ya tatu ni mita, ile wanayoiita UTM, kwenye mashine za wapima viwanja. Goma kwa namna zote tatu ni hivi:

```
1°40′ S, 29°13′ E
-1.6667, 29.2167
35M 746600 9815600
```

Mistari yote mitatu inaelekeza mahali pamoja, ndani ya mji, karibu na ziwa. Nitailinganisha kwa kazi mbili tu: kuweka mji kwenye ramani, na kujua uko umbali gani na ikweta.

Digrii na dakika: ukiwa na karatasi, usitafute kingine

Dakika hapa ni sehemu moja kati ya 60 za digrii, kama vile dakika ya saa ilivyo sehemu moja kati ya 60 za saa. Ukimwambia mtu boti itachelewa saa moja na dakika arobaini, hawezi kuelewa kwamba ni saa moja na nusu kasoro. Atajua ni saa moja na theluthi mbili. Ndivyo 1°40′ inavyosomwa: digrii moja na theluthi mbili.

Namna hii ilishikana na umbali tangu zamani za mabaharia. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na maili hiyo ni kilomita 1.852. Kwa hiyo umbali na ikweta unaupata bila kugawa chochote: geuza digrii zote kuwa dakika, kisha zidisha. Goma ni dakika 60 na 40, yaani 100 kamili, kwa hiyo ni kilomita 185. Bukavu iko 2°30′ S, dakika 150, kama kilomita 278. Lubumbashi iko 11°40′ S, dakika 700, kama kilomita 1,296.

Kwa wenzangu wa Goma, hiyo 185 ina sura. Ikweta inapita kati ya Lubero na Butembo. Butembo yenyewe imevuka kidogo tu upande wa kaskazini, na longitudo yake ni karibu sawa na yetu. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba ikweta haijafika Butembo, ameshaelewa umbali kabla hujataja kilomita.

Sasa kuweka mji kwenye karatasi. Atlasi nyingi za shule huchora mistari kila digrii 5. Tuseme kwenye ramani yako mistari ya 0° na 5° kusini imeachana kwa milimita 60. Digrii 5 ni dakika 300, kwa hiyo kila milimita inabeba dakika 5. Goma, yenye dakika 100, inashuka milimita 20 chini ya ikweta, theluthi moja kamili ya nafasi hiyo. Bukavu inashuka milimita 30, katikati hasa. Lubumbashi unaihesabu kutoka mstari wa 10°: imebaki 1°40′, kwa hiyo ni milimita 20 chini ya mstari huo. Ni bahati ya ajabu kwamba Goma na Lubumbashi zimeachana digrii 10 karibu kamili. Mimi huitumia darasani kila mwaka, kwa sababu anayejua mahali pa moja ameshajua latitudo ya nyingine.

Kwa longitudo fanya vivyo hivyo kutoka mstari wa 25° mashariki. Goma iko 29°13′, yaani imepita mstari huo kwa 4°13′, dakika 253, ambazo ni milimita 50 na nusu kwenda kulia. Hapo mistari miwili inapokutana, weka nukta. Kama mistari ya atlasi yako imepinda, usilaze rula sawa na ukingo wa karatasi. Fuata mstari wenyewe wa latitudo, vinginevyo mji utahama milimita kadhaa, na kila milimita hapo ni zaidi ya kilomita 9.

Udhaifu wa namna hii unaonekana kwenye kutoa na kujumlisha. Bukavu kutoa Goma ni 2°30′ kutoa 1°40′, na 40 haitoki kwenye 30. Unakopa digrii moja, inakuwa 1°90′ kutoa 1°40′, jibu dakika 50. Wanafunzi wengi hukopa 100 badala ya 60, na jibu lao huwa dakika 90. Hapo ndipo namna ya pili inapoanza kupendeza.

Desimali: simu inaielewa, wewe ndiye unayeweza kuikosea

Ukibonyeza mahali kwenye ramani ya simu na kushikilia kidole, namba zinazotokea huwa za desimali. Kuzipata kutoka kwenye atlasi ni kugawa dakika kwa 60. Arobaini kwa 60 ni 0.6667, na 13 kwa 60 ni 0.2167. Herufi S inageuka kuwa alama ya kutoa mbele ya latitudo, na E haiandikwi kitu. Kongo yote iko mashariki ya Greenwich, kwa hiyo longitudo zetu hazina alama ya kutoa kamwe. Ukiiona kwenye namba ya pili ya mji wa kwetu, kuna kitu kimeharibika.

Faida yake ni hesabu. Bukavu 2.5000 kutoa Goma 1.6667 ni 0.8333, zidisha kwa 111, ni kilomita 93 kwenda kusini. Longitudo ya Bukavu ni 28°52′, yaani 28.8667, na tofauti na Goma ni 0.35, kama kilomita 39 kwenda magharibi. Ukichukua hizo mbili kama pande za pembetatu mraba, umbali wa moja kwa moja juu ya ziwa ni kama kilomita 100. Nimeweza kutumia 111 hata kwa longitudo kwa sababu tuko karibu mno na ikweta. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoiacha ikweta, lakini hata Lubumbashi digrii moja ya longitudo bado ni kama kilomita 109. Hesabu hiyo hiyo ukiifanyia Brussels itakudanganya vibaya.

Sasa makosa, maana kwenye desimali ndipo kosa dogo linapokupeleka mbali.

La kwanza ni lile la mwanafunzi wangu. Ukiandika 1°40′ kama 1.40 na 29°13′ kama 29.13, nukta yako inaondoka Goma kilomita 30 kwenda kaskazini na karibu 10 kwenda magharibi. Hapo si mjini tena, ni kwenye mteremko wa Nyamulagira, kilomita nane hivi magharibi ya kilele chake. Umekwenda mbali kuliko Sake, tena umepanda volkano. Kwa Lubumbashi kosa hilo hilo linakutupa kilomita kama 36 kaskazini-magharibi ya mji, upande wa njia ya Likasi. Ubaya wake ni kwamba namba bado ina sura nzuri, na simu haikatai. Namna ya kulishika ni kutazama mji wenyewe: Goma iko ufukweni mwa kaskazini mwa Kivu, kwa hiyo nukta isiyogusa ziwa ni nukta ya uongo. Dalili nyingine ni kwamba tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta zikizidi 59, kama 28.87, hizo haziwezi kuwa dakika. Lakini zikiwa chini ya 60 hazikuambii lolote, na hapo ni lazima uulize zimetoka wapi.

La pili ni kusahau alama ya kutoa. Goma bila alama hiyo inaruka ikweta na kuangukia msitu wa Ituri, kaskazini ya Mambasa. Hapo angalau bado uko Kongo, na umbali na ikweta haujabadilika, umebadilika upande tu. Lubumbashi bila alama inakwenda Sudan, Kordofan, si mbali na mji wa Babanusa, karibu kilomita 2,600 kutoka ulikotaka. Kadiri mji ulivyo mbali na ikweta, ndivyo alama hiyo moja inavyogharimu.

La tatu ni kugeuza mpangilio. Ramani za simu hutaka latitudo kwanza. Programu nyingine za kuchora ramani hutaka longitudo kwanza. Andika Goma kinyume, 29.2167, -1.6667, na utaangukia Sahara ya Algeria. Kosa hili ndilo rahisi kuliko yote kulitambua, kwa sababu mchanga na Ziwa Kivu havifanani.

La nne ni letu hasa, sisi tuliofundishwa hesabu kwa Kifaransa. Shuleni tunaandika koma mahali pa nukta: 1,6667. Ukiipa simu -1,6667, 29,2167, inaona koma tatu na haijui ipi inatenga latitudo na longitudo. Mara nyingine inakataa, mara nyingine inakupeleka inakotaka yenyewe. Weka nukta ndani ya namba, koma moja tu katikati. Na atlasi za Kifaransa zina O kwa magharibi, mahali ambapo nyingine zina W. Usiisome kama sifuri.

Kuhusu tarakimu ngapi: mbili baada ya nukta zinakuweka ndani ya kilomita moja hivi, na hiyo inatosha kwa mji. Moja peke yake ni kilomita 11, na kwa Goma hiyo ni hatari. Mji wetu umebanwa kati ya ziwa na mpaka. Kilomita tatu au nne za kosa kwenda mashariki zinakuvusha mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na za kwenda kusini zinakutia majini. Wanaopakia tarakimu saba wanajifurahisha, maana hakuna mji wenye kitovu cha sentimita moja.

Kuna chotara mmoja wa kujihadhari naye. Mashine nyingi za GPS za mkononi huandika digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano S01°40.000. Ile 40.000 bado ni dakika, bado inagawiwa kwa 60. Watu huona nukta wakadhani ni desimali za digrii, na tunarudi kule Nyamulagira.

Mita: ya wapima viwanja, lakini kwa ikweta ina siri nzuri

UTM inagawa dunia katika kanda za digrii 6 za longitudo na kuhesabu kila kitu kwa mita. Goma, Bukavu na Lubumbashi zote ziko kanda ya 35, inayoishia longitudo 30. Namba ya kwanza baada ya kanda inasema uko wapi mashariki-magharibi ndani ya kanda, ya pili inasema kaskazini-kusini.

Uzuri wake kwetu ni huu: kwenye kizio cha kusini, ikweta imepewa namba 10,000,000, na ukishuka namba inapungua. Goma ni 9,815,600. Toa kwenye milioni kumi, inabaki 184,400. Umeshapata umbali na ikweta kwa mita bila kuzidisha. Lubumbashi ni kama 8,710,300, kwa hiyo ni kilomita 1,290.

Msomaji makini ameona kwamba kwa dakika nilipata 185 na 1,296. Tofauti hiyo si kosa la kuhesabu. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba ikweta, kwa hiyo digrii ya latitudo huku kwetu ni kilomita 110.6, fupi kuliko ile 111 ya wastani. Kwa Goma tofauti haifiki kilomita moja, kwa Lubumbashi ni sita. Ukitaka kukaribia zaidi bila mashine, tumia 110.6.

Rafiki yangu mpima viwanja wa Lubumbashi hataki kusikia habari ya digrii, na simlaumu. Kona mbili za kiwanja zikiwa 40 na 65, zimeachana mita 25, basi. Lakini kwa kuweka mji kwenye atlasi, mita hazisaidii kitu, kwa sababu atlasi ya shule haina mistari yake. Tena ukivuka longitudo 30, hesabu ya mashariki inaanza upya. Bunia iko kanda ya 36, na namba yake ya kwanza huwezi kuilinganisha na ya Goma hata kidogo. Asiyejua hilo ataona Bunia iko magharibi yetu.

Kwa hiyo nikiulizwa, jibu langu ni hili. Mwenye atlasi na rula achukue digrii na dakika. Kwa kukadiria umbali na ikweta kichwani pia, mimi nachagua hiyo hiyo, kwa sababu kuzidisha dakika kwa 1.85 hakuhitaji kugawa kwanza, na kugawa ndiko kunakoangusha watu. Anayetuma mahali kwa simu au anayetaka umbali kati ya miji miwili achukue desimali, na aandike alama ya kutoa kabla ya kitu kingine chochote. Mita aziache kwa shamba na kiwanja.

Jambo moja tu usilitegemee kutoka kwenye namba hizi, nalo ni joto. Goma iko karibu na ikweta mara saba kuliko Lubumbashi, lakini iko juu, kama mita 1,500, na ziwa liko miguuni pake. Ukitaka kuona latitudo ikifanya kazi, tazama urefu wa siku. Goma, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinatofautiana kwa dakika kama 12 tu, hakuna anayeziona. Lubumbashi tofauti inapita saa moja na dakika 20, na mwezi wa sita watu huona giza linawahi.

Na ukitaka kuhakiki latitudo bila ramani wala simu, ngoja 20 Machi, au 22 au 23 Septemba kulingana na mwaka, jua linapokuwa juu ya ikweta. Simika kijiti cha mita moja mahali tambarare, kinyooshe kwa timazi, upime kivuli pale kinapokuwa kifupi kuliko muda wote wa mchana. Kila digrii ya latitudo kwa sisi tulio karibu na ikweta inatoa kivuli cha kama sentimita 1.75, kikielekea kusini. Goma kinatakiwa kiwe sentimita 3 kasoro kidogo, Bukavu 4.4, Lubumbashi karibu 21. Kijiti kikiinama digrii moja tu, umekosea kilomita 111, na kwa Goma hiyo ni zaidi ya nusu ya safari nzima. Tulipofanya uani shuleni, kundi la kwanza lilipata sentimita 5 kwa sababu walisimika kwa jicho. Wakafunga jiwe kwenye uzi, wakanyoosha kijiti, wakapima upya kabla mawingu hayajashuka kutoka Nyiragongo. Sentimita 3. Yule wa kilomita 155 ndiye aliyeshika rula.